Kukosa Mmoja, Kudaiwa Minne: Hesabu ya Mitupo Huru kwa Makocha wa Shule

Haya ni maandishi ya hotuba iliyotolewa Kisumu mbele ya walimu wa michezo na makocha wa mpira wa kikapu wa shule za sekondari.

Walimu wenzangu, makocha, nanyi vijana mnaoandika alama mezani mechi zikichezwa, hamjambo. Wengine mmetoka Kakamega na Bungoma, wengine Nakuru, na safari si fupi, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja kwenye daftari.

Kila timu iliyowakilishwa hapa ina daftari la mitupo huru, hata kama ni karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Ndani yake kuna jina la mchezaji, mitupo aliyopewa, iliyoingia, na pembeni asilimia. Asilimia hiyo ndiyo tunayoitumia kuamua nani asimame mstarini refa akipuliza faulo ya benchi, nani abaki uwanjani dakika mbili za mwisho, nani aambiwe abadilishe mkono. Leo sitazungumzia mkono. Nitazungumzia ile namba yenyewe: inavyopanda, inavyoshuka, na kwa nini inatuchanganya mitupo inapozidi kuongezeka.

Tumchukue mchezaji mmoja wa mfano, tumwite namba 9. Mechi ya kwanza alipata mitupo 4, akafunga 2. Mechi ya pili 4, akafunga 3. Ya tatu 4, akafunga 2. Kufikia hapo ana 7 kati ya 12, yaani asilimia 58.3. Kocha hajafurahi. Kisha namba 9 akatulia. Mechi ya nne alipata 6 na yote ikaingia. Ya tano 4, yote ndani. Ya sita 4, yote ndani. Sasa ana 21 kati ya 26, na daftari linasema asilimia 80.8.

Kabla hatujamsifu, naomba tuifuate safari yake kutoka 58.3 hadi 80.8 mtupo mmoja mmoja, maana humo ndani mna jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kuliona. Mtupo wa 13 uliingia, akawa na 8 kati ya 13, asilimia 61.5. Tazameni vizuri: alikuwa chini ya 60, sasa yuko juu ya 60, na hakuna wakati wowote aliokuwa 60 kamili. Ameiruka. Ukaingia wa 14, akawa 64.3. Ukaingia wa 15, akawa na 10 kati ya 15, ambayo ni theluthi mbili kamili. Wa 16, 68.8. Wa 17, 70.6, kwa hiyo na 70 nayo ameiruka. Wa 18, 72.2. Wa 19, 73.7. Wa 20, akawa na 15 kati ya 20: asilimia 75 kamili. Kisha 76.2, 77.3, 78.3, 79.2. Mtupo wa 25 ukaingia, akawa na 20 kati ya 25: asilimia 80 kamili, haijapungua wala kuzidi. Wa 26 ukampeleka 80.8.

Ameruka 60, ameruka 70, lakini 75 na 80 amezikanyaga katikati kabisa. Mtu atasema ni bahati ya namba nilizochagua. Si bahati. Mchezaji yeyote aliyeanza chini ya asilimia 80 na kuishia juu yake lazima kuna wakati alikuwa 80 kamili, hata daftari lake liwe na mitupo 30 au 3,000, na hata mpangilio wa kuingia na kukosa uwe vipi. Swali hili hili liliulizwa mwaka 2004 katika shindano la hesabu la Putnam, linalofanywa na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani na Kanada. Lilikuwa swali la kwanza kabisa kwenye karatasi, na lilihusu mchezaji wa mpira wa kikapu na mitupo yake huru. Jibu lake halihitaji chuo kikuu. Linahitaji daftari la muuza duka.

Tuyafikirie hivi. Asilimia 80 maana yake ni kwamba kwa kila mtupo mmoja uliokosa, kuna minne iliyoingia. Basi tuweke akaunti. Mtupo ukiingia, mchezaji ameweka 1. Mtupo ukikosa, amekopa 4. Akaunti ikiwa sifuri, yuko asilimia 80 kamili. Ikiwa na akiba, yuko juu ya 80. Ikiwa na deni, yuko chini. Namba 9 baada ya mechi tatu alikuwa ameweka 7 na kukosa mara 5, na mara 5 kwa 4 ni 20. Deni lake lilikuwa 13. Ndiyo maana alihitaji mitupo 13 mfululizo ili afike 80: kutoka mtupo wa 12 hadi wa 25 ni mitupo 13. Hesabuni wenyewe.

Sasa mnaona kwa nini hawezi kuiruka 80 akipanda. Deni hulipwa shilingi moja moja. Anayedaiwa 1 akilipa 1, anabaki na sifuri. Hakuna mtupo wa kuweka 2, kwa hiyo hakuna njia ya kutoka kwenye deni hadi kwenye akiba bila kupita sifuri.

Kwenye asilimia 60 mambo ni tofauti. Hapo uwiano ni mitatu iliyoingia kwa miwili iliyokosa, na ili akaunti iwe ya namba nzima, kila mtupo ulioingia huweka 2 na uliokosa hukopa 3. Namba 9 akiwa na 7 kati ya 12 alikuwa ameweka 14 na kukopa 15, deni la 1. Akafunga mtupo uliofuata, akaweka 2, akawa na akiba ya 1. Sifuri imerukwa. Asilimia 70 ni kuweka 3 na kukopa 7, na hiyo nayo hurukwa kirahisi.

Kwa hiyo viwango visivyorukika wakati wa kupanda ni vile ambavyo kila mtupo ulioingia huweka 1 tu: nusu, theluthi mbili, robo tatu, asilimia 80, na kuendelea hivyo hadi asilimia 90, ambako kukosa mmoja ni kukopa 9. Ila angalizo: ukishuka, sheria hii haikulindi. Namba 9 alikuwa 80.8, akiba yake 1. Akikosa mtupo wa 27 anakopa 4 kwa mpigo, anaangukia deni la 3, na asilimia yake ni 77.8. Ameivuka 80 bila kuigusa. Kupanda ni ngazi, kushuka ni shimo.

Nimelisema jambo hili kwa urefu kwa sababu akaunti hii ni chombo cha kazi. Mwandishi wa alama mezani hana muda wa kugawanya 47 kwa 61 huku refa anasubiri na wazazi wanapiga makelele. Lakini kuongeza 1 au kutoa 4, hata mtoto wa darasa la nne anaweza. Mwandikieni kila mchezaji namba moja tu kando ya jina: +3, −9, 0. Kocha akitupa jicho anajua nani yuko juu ya kiwango na nani yuko chini, na anajua mitupo mingapi mfululizo itamfikisha. Timu ikiwa bado changa, usiweke kiwango cha 80. Weka theluthi mbili, ambayo ni kuweka 1 na kukopa 2, au robo tatu, ambayo ni kuweka 1 na kukopa 3. Kiwango kikichaguliwa mwanzoni mwa muhula kisibadilishwe katikati, la sivyo namba za Februari na za Machi hazitalinganishika.

Deni linaonyesha pia kitu kingine ambacho asilimia hukificha, nacho ni uzito wa mitupo ya zamani. Mfano wake mkubwa ni Shaquille O'Neal. Katika mechi za kawaida za NBA maisha yake yote ya uchezaji, alifunga mitupo huru 5,935 kati ya 11,252, ambayo ni asilimia 52.7. Tuseme angetaka kufika asilimia 60. Kwa kiwango hicho tunaweka 2 na kukopa 3. Ameweka 11,870. Amekosa mara 5,317, kwa hiyo amekopa 15,951. Deni ni 4,081, na kwa kuwa kila mtupo unaoingia hulipa 2, angehitaji kufunga mitupo 2,041 bila kukosa hata mmoja. Mlinganisheni na namba 9 wetu, ambaye kwa mitupo 13 tu amepanda kutoka 58.3 hadi 80. Huwezi kusema namba 9 amejitahidi kuliko O'Neal. Daftari lake ni jembamba tu, na daftari jembamba hupeperuka.

Kanuni yake ni hii. Mchezaji mwenye asilimia 80 akikosa mtupo mmoja, asilimia yake hushuka kwa 80 kugawanywa na idadi mpya ya mitupo. Akiwa na 20 kati ya 25, kukosa kunamshusha kwa 80 kugawa 26, yaani kama 3. Akiwa na 200 kati ya 250, kunamshusha kwa 0.3 tu. Akifunga, hupanda kwa kile kilichobaki kufika 100, yaani 20, kugawanywa vivyo hivyo: 0.8 kwenye daftari la mitupo 25, na 0.08 kwenye daftari la 250. Kwa hiyo mtupo ule ule, wa mkono ule ule, unaweza kuitikisa namba au usiiguse kabisa, kutegemea tu daftari limefika wapi.

Kutokana na hilo tunakosea kwa njia mbili zinazopingana, na zote mbili zinawaumiza vijana.

Kosa la kwanza hutokea mwanzoni mwa muhula. Namba inaruka huku na huku, nasi tunaikimbilia. Mchezaji ameshuka kutoka 80.8 hadi 77.8, kocha anamwita pembeni na kuanza kumrekebisha kiwiko. Ni mtupo mmoja tu! Hata mchezaji ambaye uwezo wake halisi ni asilimia 80, akaunti yake haitatulia kwenye sifuri. Itazunguka. Na kiasi cha kuzunguka kinajulikana: chukua kipeuo cha pili cha idadi ya mitupo, zidisha kwa 2. Kwa mitupo 25, kipeuo ni 5, mara 2 ni 10. Kwa hiyo deni la 10 baada ya mitupo 25 ni jambo la kawaida kwa mchezaji wa asilimia 80. Kwa mitupo 100, kipeuo ni 10, mara 2 ni 20. Kengele ya hatari mimi naipiga deni likifika mara mbili ya hapo: 20 kwa mitupo 25, 40 kwa mitupo 100. Kanuni hii ya mara 2 ni ya kiwango cha 80 peke yake. Ukitumia robo tatu, kuzunguka ni pungufu kidogo, kama mara 1.7, na kwa theluthi mbili ni kama mara 1.4.

Tuone maana yake kwa namba halisi. Mchezaji amefunga 18 kati ya 25. Ameweka 18, amekosa 7, amekopa 28, deni ni 10. Asilimia yake ni 72. Mwingine amefunga 72 kati ya 100. Ameweka 72, amekosa 28, amekopa 112, deni ni 40. Asilimia yake nayo ni 72. Kwenye ubao wa matangazo shuleni wawili hawa wanaonekana pacha. Lakini mchezaji wa kweli wa asilimia 80 atafunga 18 au pungufu kati ya 25 zaidi ya mara 1 katika kila 5, kwa bahati tu. Kufunga 72 au pungufu kati ya 100 kutamtokea takriban mara 3 katika kila 100. Yule wa kwanza mwache atupe. Wa pili kaa naye chini mtafute tatizo.

Yafaa kukumbuka hapa ule usiku wa tarehe 2 Machi 1962, Wilt Chamberlain alipofunga alama 100 katika mechi moja. Mitupo huru alifunga 28 kati ya 32, asilimia 87.5. Aliyeona mechi hiyo peke yake angesema huyu ni bingwa wa mstari. Lakini katika maisha yake yote ya NBA, mechi za kawaida, alifunga asilimia 51.1. Mitupo 32 ni usiku mmoja.

Kosa la pili hutokea mwishoni mwa mwaka, daftari likishanenepa. Sasa namba haitembei, nasi tunaamini kwamba mchezaji hatembei. Mchukue kijana aliyefunga 120 kati ya 200, asilimia 60. Likizo amefanya mazoezi kweli kweli, amerudi akiwa mtupaji wa asilimia 80. Katika mitupo 50 inayofuata anafunga 40. Daftari litasema nini? 160 kati ya 250, asilimia 64. Kocha anaguna: amepanda kidogo tu. La hasha, amebadilika kabisa, ila mitupo 200 ya zamani inamvuta miguu. Hata akitupa 150 mingine kwa uwezo huo huo mpya, atakuwa na 280 kati ya 400, asilimia 70, nusu ya njia. Jumla ya mwaka haitamwonyesha kamwe kama alivyo leo.

Na upande wa pili ni hatari zaidi, maana unaficha maumivu. Msichana aliyekuwa na 160 kati ya 200 ameumia kifundo cha mkono na hasemi, kwa hofu ya kuachwa nyuma timu ikisafiri. Anafunga 30 tu kati ya 50. Daftari linaonyesha 190 kati ya 250, asilimia 76, na kila mtu anasema bado yuko sawa. Kumbe kwa wiki kadhaa amekuwa akitupa kwa asilimia 60. Asilimia ya jumla ilimficha, nasi tuliiamini.

Dawa yake ni kuweka safu mbili kwenye daftari. Safu ya kwanza ni jumla ya mwaka, na hiyo haitupwi. Ya pili ni mitupo 50 ya mwisho peke yake. Chora mstari wa visanduku 50, mtupo ulioingia weka alama ya tiki, uliokosa weka kistari. Ukifika mwisho, rudi mwanzo ufute kisanduku cha zamani kabisa na kuandika kipya juu yake. Tumieni penseli. Hesabu ya tiki zilizo kwenye mstari, mara 2, ndiyo asilimia ya sasa. Safu mbili zikikubaliana, mchezaji hajabadilika. Zikitofautiana kwa 15 au zaidi, kuna jambo. Zikitofautiana kwa 5, usiseme kitu, kwa sababu mitupo 50 bado ni michache na nayo huzunguka: kwa mchezaji wa 80, kupanda au kushuka kwa 6 hivi ni kawaida yake. Nimechagua 50 kwa sababu ya shule zetu: 20 hubadilika kama hali ya hewa ya Nakuru, na 100 humchukua mchezaji wa kawaida zaidi ya muhula mzima kuipata kwenye mechi.

Hapo linakuja swali ambalo mwalimu mmoja ameniandikia kwenye kikaratasi: je, mitupo ya mazoezini ijazwe kwenye daftari hilo hilo? Hapana. Iwe na daftari lake. Mazoezini mchezaji husimama mstarini akatupa 20 mfululizo, mwenzake anamrudishia mpira, na mkono unakumbuka mtupo uliopita. Kwenye mechi anafika akihema, anapata mitupo miwili, na kwa sheria za FIBA ana sekunde 5 tu tangu apokee mpira kutoka kwa refa. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Ukitaka namba ya mazoezi ifanane na ya mechi, watupe miwili miwili: wakimbie kwenda na kurudi urefu wa uwanja, watupe miwili, wakimbie tena. Mizunguko 10 ya namna hiyo inakupa mitupo 20 yenye thamani. Namba ya zoezi hili kwa kawaida huwa chini kuliko ya kusimama, na wengi hukata tamaa wakiiona. Wasikate. Hiyo ndiyo iliyo karibu na ukweli.

Sasa makosa ya uandishi wenyewe. Ni mengi, nitataja yale yanayoharibu hesabu kweli.

Kubwa kuliko yote ni kujumlisha asilimia za mechi na kugawanya kwa idadi ya mechi. Mchezaji amefunga 2 kati ya 2 mechi ya kwanza, asilimia 100. Mechi ya pili amefunga 4 kati ya 10, asilimia 40. Mwandishi anajumlisha 140, anagawa kwa 2, anaandika 70. Lakini mchezaji amefunga 6 kati ya 12. Ni asilimia 50! Mitupo miwili imepewa uzito sawa na mitupo kumi. Asilimia hazijumlishwi. Jumlisha iliyoingia, jumlisha iliyotupwa, kisha gawanya mara moja tu. Akaunti ya kuweka na kukopa haina shida hii, kwani yenyewe hujumlishika bila kuharibika: akiba ya mechi hii na deni la mechi ile unaziunganisha tu. Kwa kiwango cha theluthi mbili, mechi ya kwanza ni +2, ya pili ni 4 kutoa 12, yaani −8, jumla −6. Na 6 kati ya 12 kwa kiwango hicho ni 6 kutoa 12, −6. Zimeoana.

Kosa jingine ni mtupo unaorudiwa. Mpinzani akiingia eneo mapema, mtupo ukakosa na refa akaamuru urudiwe, ule uliokosa hauandikwi. Unaandika wa marudio peke yake. Nimeona madaftari yenye mitupo miwili mahali ambapo pangekuwa na mmoja, na mchezaji kukopeshwa deni lisilo lake. Lakini mtupaji mwenyewe akikanyaga mstari, mtupo hauhesabiki hata ukiingia, na kwake umekosa.

La mwisho ni uwanja. Viwanja vyetu vingi viko nje, na mistari imepakwa rangi upya mara nyingi na watu wengi. Kabla hujalinganisha namba za nyumbani na za ugenini, pima. Funga jiwe kwenye uzi, uning'inize kutoka uso wa bodi hadi chini, weka alama mahali linapoelekea, kisha vuta tepu hadi ukingo wa mbali wa mstari wa mtupo huru. Lazima iwe mita 4.60. Ringi iwe mita 3.05 kutoka chini hadi ukingo wake wa juu, na uipime mbele na ubavuni, maana ringi iliyoning'iniwa na wanafunzi huinama mbele. Na nyinyi wa Kisumu mnajua kwamba alasiri upepo huvuma kutoka ziwani kuingia nchi kavu. Kama bodi moja ya uwanja wenu inapokea upepo huo na nyingine imekingwa na madarasa, andikeni bodi gani mtupo ulipigwa. Herufi moja kando ya tiki inatosha: Z kwa upande wa ziwa, M kwa upande wa madarasa. Baada ya mitupo 100 kila upande, mtaona kama upepo unawanyima pointi au ni kisingizio. Zingatieni ni 100, si 20.

Swali la mwisho nililoletewa ni kama mwaka mpya uanze na sifuri au deni lihamishwe. Jumla ya mwaka anzeni upya, kwa sababu mtoto wa kidato cha pili si yule yule akifika cha tatu: amekua, mabega yamepanuka, mpira ni mwepesi mkononi. Lakini visanduku vile 50 msivifute. Mchezaji aanze Januari na visanduku vyake vya Novemba, navyo vitajifuta vyenyewe kimoja kimoja kadiri anavyotupa. Daftari la jumla likiwa na mitupo 6 tu na namba inaruka kama panzi, hivyo 50 ndivyo mtakavyoangalia mnapochagua nani asimame mstarini.